Mbona Shilingi ya Tanzania Ina Bei Tofauti Kwenye Kila Programu?

Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa Mbita, na unataka kutuma shilingi 30,000 Musoma ulipie dagaa, wale ambao huku Homa Bay tunawaita omena. Unaangalia Google, inakwambia shilingi 1 ya Kenya ni 20.00 za Tanzania. Unafungua programu moja ya kutuma pesa, inaonyesha 19.69. Unafungua ya pili, 19.40. Dakika ni ileile. Sasa nani anadanganya?

Mara nyingi, hakuna. Ni kwamba kila moja inakuonyesha bei ya kitu tofauti. Namba tunazotumia hapa ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe ndiyo hufanyika kila siku.

Shilingi mbili hukutana kupitia dola

Benki kubwa haziuziani sana shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania moja kwa moja. Kwa kawaida hesabu hupitia dola. Dola ikiwa 129 za Kenya na 2,580 za Tanzania, unagawanya 2,580 kwa 129 na kupata 20.00. Hiyo ndiyo ile ya Google.

Lakini 129 ni bei ya katikati, kati ya ile benki inayonunulia dola na ile inayouzia. Mteja wa kawaida haipati. Ukitaka dola, benki itakuuzia labda kwa 130. Dola hizo zikifika Tanzania, benki ya huko itazinunua labda kwa 2,560. Gawanya 2,560 kwa 130: ni 19.69. Programu ya kwanza imekuonyesha hiyo. Ya pili imekata faida yake ndani ya kiwango, ndiyo maana ikashuka hadi 19.40.

Pesa ikitoka Musoma kuja Mbita, bei zinageuka. Dola inanunuliwa Tanzania kwa 2,600 na kuuzwa Kenya kwa 128, kwa hivyo kila shilingi ya Kenya inamgharimu mtumaji 20.31. Hata wabadilishaji pesa pale mpakani Isebania, Migori, wana bei mbili: ya kununua na ya kuuza. Hakikisha basi unalinganisha pesa inayoenda upande mmoja.

Saa pia ina neno lake

Benki Kuu ya Kenya hutangaza viwango kila siku ya kazi, kwa kuchukua wastani wa bei za benki. Ni mwongozo, hakuna benki inayolazimika kukuuzia kwa bei hiyo. Tovuti iliyochukua kiwango cha asubuhi inaweza kukaa nacho hadi kesho, huku nyingine ikibadilisha kila baada ya dakika chache. Jumamosi na Jumapili soko kuu la fedha limefungwa, kwa hivyo nyingi huonyesha bei ya Ijumaa. Kampuni nyingine huongeza pengo kidogo siku hizo, ili wasipate hasara soko likifunguka Jumatatu na bei mpya.

Usilinganishe kiwango, linganisha kinachofika

Turudi kwa zile programu mbili. Tuseme yenye 19.69 inatoza ada ya shilingi 300, na yenye 19.40 imeandika "hakuna ada". Una 30,000 mkononi, ada ikiwemo.

Ya kwanza: 30,000 toa 300 ni 29,700. Zidisha kwa 19.69, zinafika 584,793.
Ya pili: 30,000 mara 19.40, zinafika 582,000.

Yenye ada imeshinda. Lakini jaribu na 3,000, ada ikibaki 300. Ya kwanza inafikisha 53,163, ya pili 58,200. Hapo "hakuna ada" ndiyo nafuu. Ada isiyobadilika huumiza kiasi kidogo. Kiwango cha chini huumiza kiasi kikubwa.

Njia rahisi ya kujua ni hii. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma kiasi atakachopokea mwenzako, kisha kigawanye kwa jumla yote inayotoka kwako. Kwa zile 30,000, programu ya kwanza inakupa 19.49, si 19.69. Kwa 3,000, inakupa 17.72. Hicho ndicho kiwango chako cha kweli. Kumbuka pia kuuliza ada ya kutoa pesa kwa wakala upande wa pili, kwa sababu hiyo haionekani kwenye simu yako.

Na kama skrini haionyeshi kiasi kitakachofika kabla ya kuthibitisha, usitume kwanza.