Chuma Hakiyeyuki, Hulegea

Mhunzi anayefua jembe hangoji chuma kiyeyuke. Hukitia makaani, huvuvia mpaka kiwe chekundu, kisha hukikunja kwa nyundo. Kuyeyuka kunahitaji nyuzi joto karibu 1,500, lakini kulegea huanza mapema sana, na jengo huanguka kwa kulegea.

Hadi nyuzi 400 hivi boriti ya chuma bado ina nguvu zake. Kuanzia hapo hushuka kwa kasi: kwenye nyuzi 600 imebaki na chini ya nusu, na kwenye nyuzi 700 karibu robo tu. Ugumu wake wa kukataa kupinda umepungua hata zaidi. Kwa kuwa boriti nyingi hubebeshwa zaidi ya nusu ya uwezo wao, wahandisi huhesabu kwamba mahali pa hatari ni karibu nyuzi 550. Wakati huo boriti ndiyo kwanza inaonyesha wekundu hafifu unaoonekana gizani tu. Moto wa chumba chenye samani hulifikia joto hilo upesi. Katika tanuri la majaribio linalofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 834, hewa hufika nyuzi 678 baada ya dakika 10, na 945 baada ya saa moja.

Tuchukue boriti ya kawaida yenye kimo cha sentimita 30 na upana wa 15, iliyobeba sakafu ya zege. Kila mita ina uzito wa kilo 42, na pande tatu zilizo wazi kwa moto zina uso wa mita moja ya mraba hivi. Ikiachwa tupu, itafika mahali pa hatari kwa robo saa hivi. Nguzo ya sentimita 30 kwa 30 yenye kilo 117 kwa mita, hata ikizungukwa na moto pande zote, ina uso mdogo zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo hupata moto polepole. Ndiyo maana chuma chembamba ndicho kinachohitaji kinga nene. Gogo nene la mbao, ambalo watu huliogopa zaidi, huungua nje kwa chini ya milimita moja kwa dakika, na kiini chake hubaki na nguvu. Chuma hupitisha joto, hivyo hakina kiini cha kukimbilia.

Tena chuma hutanuka. Boriti ya mita 10 ikifika nyuzi 600 hurefuka kwa sentimita 7 au 8, ikisukuma kuta na kukata bolti.

Chikago waliyaona hayo tarehe 16 Januari 1967. Ukumbi mkubwa wa maonyesho wa McCormick Place, uliofunguliwa mwaka 1960, ulikuwa na paa lililobebwa na kenchi za chuma tupu, na ukumbi wa maonyesho haukuwa na vinyunyizio vya maji. Moto ulianza usiku katika vibanda vya maonyesho ya vyombo vya nyumbani. Paa lilikuwa juu sana, na urefu huo ulidhaniwa kuwa kinga. Kenchi zililegea, na sehemu kubwa ya paa ikaanguka.

Kinga haiondoi moto, bali huchelewesha joto. Zege hufanya hivyo kwa unene wake, na pia kwa maji yaliyomo ndani: yakifika nyuzi 100 huchemka, na mvuke hubeba joto kwenda nje. Kwa boriti iliyozungushiwa zege kama kinga, kanuni za Ulaya zinakubali unene wa milimita 25 kwa saa moja, 40 kwa saa mbili na 50 kwa saa tatu. Zege hiyo lazima ishikwe na wavu wa waya, kwa sababu mvuke ukikosa njia hupasua zege, na kipande kikidondoka chuma kiko wazi.

Rangi inayovimba hutumia njia nyingine. Ukiitazama ukutani utadhani ni rangi ya kawaida. Joto likizidi nyuzi 200 hivi, kemikali zake hutoa gesi, na utando wa milimita moja hufura kuwa povu jeusi la makaa linaloweza kuwa nene mara makumi. Povu hilo ndilo linalokinga boriti. Unene wa rangi hupangwa kwa umbo la kila boriti na muda unaotakiwa, na mtengenezaji hutoa jedwali lililotoka kwenye majaribio ya tanuri. Hivyo saa moja ya cheti ni saa moja ya tanuri lile, kwa mzigo na unene ule. Moto wa bohari la matairi haukujaribiwa humo.

Mambo huharibika mahali palepale: rangi hupakwa juu ya kutu, au unene hupunguzwa kwa kukosa kipimo. Mkaguzi hutumia kifaa kidogo cha sumaku kinachosoma unene uliokauka, naye hupima sehemu nyingi, hasa pembe na karibu na viungo. Kisha huja fundi bomba, akabandua kinga mahali pa kufunga kibano chake. Joto huingia hapo, na linasafiri ndani ya chuma kuelekea pande zote mbili za kidonda.