Mauzo Makubwa, Alama Ndogo

Tuchukue wauzaji wawili wa vinywaji, kila mmoja akiwa na lengo la shilingi milioni 10 kwa mwezi. Wa kwanza kauza milioni 12, wa pili milioni 9. Sasa gawa alama 100: malengo 50, maoni ya wateja 30, mwenendo 20, na ziada ya lengo isiongeze alama. Wa kwanza anapata 50 kamili, lakini wenye maduka wanalalamika kuwa aliwabebesha katoni wasizoagiza, nyingi zikarudishwa: 12 kwa wateja, 8 kwa mwenendo. Jumla 70. Mwenzake ana 45, 27 na 18, yaani 90. Meneja, wateja wa kuuliza wachague mwenyewe. Usimwachie muuzaji akuletee marafiki zake.