Kuituliza Spesibaa Inayogongagonga
Katika kibodi ya kimakanika kila herufi ina swichi yake, lakini spesibaa, kwa urefu wake, huhitaji pia stabilaiza: waya uliopinda unaounganisha vishikizo viwili ili ncha zote zishuke pamoja. Ukigonga ncha ya kushoto ikalia kama njuga na ya kulia ikanyamaza, waya umepinda au hauna grisi.

Soketi hurahisisha kazi, kwa kuwa swichi huchomolewa bila kuyeyusha lehemu. Chomoa kebo kwanza, kisha kibonye na swichi. Stabilaiza iliyofungwa kwa skrubu hudai kasha zima lifunguliwe. Laza waya juu ya kioo. Upande mmoja ukiinuka, unyooshe kidogo kidogo kwa koleo mpaka utulie wote. Usiharakishe hapa, maana grisi haiponyi waya uliopinda. Kisha paka grisi nzito ncha za waya, pale zinapoingia kwenye vishikizo.

Swichi yenyewe hufunguliwa na kupakwa grisi nyepesi, utando tu. Ikizidi, kibonye hurudi kwa uvivu.

Unapoirudisha, hakikisha pini zimenyooka, na utegemeze soketi kwa kidole upande wa nyuma isibanduke. Kibonye kisipoandika, mara nyingi pini imejikunja.