Mzio wa kamba na madini joto

Mzio wa kamba na kaa ni hali ambapo kinga ya mwili hushambulia protini ya wanyama hao, hasa tropomiosini iliyomo katika misuli yao. Kupika hakuiharibu. Wengi hudhani kisababishi ni iodini (madini joto) ya vyakula vya bahari, lakini sivyo.

Tezi ya shingoni huhitaji iodini kutengeneza homoni zake. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku. Milimani, kama huko Mamba wilayani Same, kamba ni nadra mezani, na iodini hupatikana zaidi katika chumvi yenye madini joto. Mtu wa Mamba akivimba midomo na kubanwa kifua baada ya kula kamba Tanga, akirudi nyumbani hula chumvi hiyo bila kudhurika. Kama iodini ingekuwa chanzo, angeugua kila mlo.

Dhana hiyo ilienezwa na dawa zenye iodini zinazodungwa kabla ya baadhi ya picha za eksirei. Waliodhurika nazo walipohojiwa, baadhi walitaja mzio wa kamba, ila wengine walitaja maziwa au mayai. Hivyo mgonjwa asinyimwe kipimo, wala asiache chumvi hiyo, kwani kuikosa huleta rovu.