Pesa nzuri nyuma ya mbaya: nahau moja ya Kiingereza mbele ya sanduku la akiba

Likizo iliyopita niliombwa kutafsiri kijitabu cha kurasa 12, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa vya hapa Bukavu. Mtindo wa vikundi hivi ulianza Nijeri mwaka 1991 katika kazi za shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano, pesa huwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na humo ndimo mwanachama hukopa. Kazi niliiona nyepesi. Sentensi moja tu ndiyo iliyonishinda, nami nilikuwa wa mwisho kujua kwamba imenishinda.

Sentensi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa mikopo. Kijitabu kilitoa mfano wa mwanachama aliyekopa dola 60 ili auze sambaza. Mzigo ukaharibika, pesa ikapotea. Sasa anaomba dola 40 nyingine, akisema kwamba kwa hizo atarudisha zile 60. Chini ya mfano huo kijitabu kiliwaonya wanachama kwa nahau ambayo mimi niliiandika hivi: “Usitupe pesa nzuri nyuma ya pesa mbaya.” Kila neno la Kiingereza lilipata neno lake la Kiswahili. Sarufi haikuwa na kosa.

Tulikwenda kuijaribu tafsiri katika kikundi kimoja cha akina mama, Kadutu. Nilisoma ukurasa mzima, wakatikisa vichwa. Niliuliza kama wameelewa, wakasema ndiyo. Kisha mama mmoja, muuza mboga, akaongeza: “Ni kweli, ile dola yenye kupasuka tusiipokee tena mu sanduku.” Wenzake wakamuunga mkono. Mwingine akaeleza jinsi watu wanavyoficha noti mbovu katikati ya noti nzuri ili mhesabu asiione.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjini kwetu faranga na dola hutumika pamoja, lakini hazipimwi kwa kipimo kimoja. Faranga inaweza kuwa imechakaa na kulainika kama kitambaa, bado itanunua unga. Dola ikichanika kidogo tu pembeni, inakataliwa dukani. Kwa hiyo maneno “pesa mbaya” hapa Bukavu hayako tupu yakingoja maana kutoka kwa mfasiri. Yana maana yake tayari: noti isiyopokelewa. Na “nyuma ya” iliwaonyesha noti moja imewekwa nyuma ya nyingine kwenye fungu. Akina mama hawakukosea hata kidogo. Waliisoma sentensi kama Kiswahili, na kwa Kiswahili hiyo ndiyo ilikuwa maana yake.

Mona Baker, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu tafsiri, anaonya kwamba ugumu wa kwanza wa nahau ni kuitambua. Nahau iliyo ya ajabu hujitambulisha yenyewe, kwa sababu maana yake ya neno kwa neno haiwezekani. Iliyo hatari ni ile inayokubali kusomwa kwa maana ya kawaida. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwangu, ila upande wa pili wa mto: mimi niliitambua nahau katika Kiingereza, lakini tafsiri sisisi ikaifanya sentensi ya kawaida kabisa katika Kiswahili. Hakuna aliyeshtuka, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, safari hii bila kutafuta maneno. Niliandika kwanza nahau ile inabeba nini. Nikaona mambo matatu. La kwanza, kuna pesa iliyokwisha kupotea. La pili, kuna mtu anayetaka kuongeza nyingine kwa matumaini ya kuifuata ile ya kwanza na kuirudisha. La tatu, kuna onyo: acha. Neno la Kiingereza nililolifanya “nyuma ya” lilikuwa na wazo hilo la kukimbiza kitu kinachotoroka, na wazo hilo ndilo lililokufa katika tafsiri yangu.

Kisha nikapima misemo yetu kwa mambo hayo matatu. “Kutwanga maji kwenye kinu” ulikuja haraka kuliko yote. Lakini huo unasema juu ya kazi isiyozaa kitu. Haisemwi kwamba kuna kitu kilichopotea kabla, wala kwamba kilichobaki kiko hatarini. Isitoshe, ukimwambia mwanamke aliyepata hasara kwamba alikuwa akitwanga maji, umemcheka. “Mtupa jongoo hutupa na mti wake” ulikuwa karibu zaidi, kwa sababu mti nao unaachwa bila kudaiwa. Tatizo ni kwamba jongoo ni kitu kichafu cha kuondolewa, na hapa angekuwa ni mwanachama mwenzao.

Nilibaki na “maji yakimwagika hayazoleki”. Jambo la kwanza limo lote: kilichopotea kimepotea. Picha yake pia haihitaji maelezo kwa mtu wa Kadutu anayepandisha bidoni ya maji mlimani. Lakini methali hiyo ikisimama peke yake ina mtego. Sisi huitumia kufariji na kufunga mazungumzo: yaliyopita yamepita, tusameheane. Katika mkutano wa mikopo, mdaiwa angeweza kuishika methali hiyo na kusema deni lake limefutwa, na kijitabu ndicho kingekuwa shahidi wake. Yaani ningetoka kwenye kosa la noti nikaingia kwenye kosa la kupoteza dola 60 za watu.

Kwa hiyo niliiongezea mkia: “Maji yaliyomwagika hayazoleki, usimwage na yaliyobaki.” Mkia huo si methali ya wazee, ni wangu, lakini umetoka ndani ya picha ileile, na ndio uliobeba onyo. Chini yake niliweka sentensi moja isiyo na nahau yoyote: “Deni la kwanza linabaki, na mwanachama atapanga na kikundi namna ya kulilipa, lakini asipewe mkopo wa pili kwa ajili ya kulipia wa kwanza.” Mfasiri anayeona aibu kuandika sentensi kavu kama hiyo anapaswa kukumbuka kwamba msomaji wake ana sanduku la pesa mbele yake.

Tuliporudi Kadutu nilibadilisha pia swali langu. Ukiuliza “mmeelewa?”, mtu mwenye heshima atakujibu ndiyo. Niliuliza: “Basi huyu mama wa sambaza akija kesho na ombi lake, mtamjibu nini?” Muuza mboga alijibu kwanza: “Tutamwambia alipe polepole ile ya kwanza. Ile ingine hatumpatie.” Mwenzake alibisha kwamba pengine dola 10 za kuanzia zisingekuwa mbaya. Walijadiliana kwa muda mrefu, lakini mara hii walikuwa wakijadili mkopo. Hakuna aliyetaja noti iliyopasuka.

Nimelihifadhi karatasi lile la kwanza. Ukilisoma mezani, hapa kitivoni, utaweka alama ya sawa kwenye kila neno.