Asante yenye namba ya tiketi

Kwenye vituo vingi vya huduma kwa wateja, kazi ya mhudumu hupimwa kwa saa na hesabu. Simu moja imechukua dakika ngapi, simu ngapi zimepokelewa katika zamu, tiketi ngapi zimefungwa. Mhudumu anayemwambia mteja azime ruta, asubiri dakika moja, kisha aiwashe, humaliza simu haraka na tiketi ikafungwa. Anayeamua kufungua historia yote ya laini, akamtafuta fundi, akampigia mteja tena kesho yake, hesabu zake za wiki hiyo hushuka. Msimamizi anayetazama jedwali mwisho wa mwezi huona dakika zilizozidi tu. Kazi iliyofanyika ndani ya dakika hizo haimo kwenye jedwali.

Ndiyo maana barua pepe fupi ya mteja ina uzito kwa mhudumu wa aina hiyo. Ule ujumbe wa simu unaokutaka utoe alama kuanzia 1 hadi 5 hausemi ni nini kilifanyika. Barua inaweza kusema, tena kwa mistari sita au saba. Lakini nyingi zinazotumwa hazisemi. Zinamwaga sifa na baraka, hazitaji tiketi, hazitaji tatizo, na anayezisoma ofisini hana pa kuziweka.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la stesheneri mjini Morogoro. Anachapisha, anatoa fotokopi, anawajazia watu fomu mtandaoni, na intaneti yake ni ya faiba. Kwa wiki kadhaa mtandao ukawa unakatika mchana, kuanzia kama saa 7 hadi saa 10 jioni, saa ambazo wateja wake ni wengi. Taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba inawaka nyekundu, maana yake mwanga unaokuja kupitia waya haufiki. Akipiga simu anaambiwa azime na kuwasha. Fundi akitumwa anafika asubuhi, anakuta kila kitu kinafanya kazi, anaandika kwamba tatizo halipo, tiketi inafungwa. Mchana mtandao unakatika tena.

Mhudumu aliyemaliza kadhia hii, tumwite Neema, alianza na swali ambalo wenzake hawakuuliza: linatokea saa ngapi? Kisha akafungua kumbukumbu za nguvu ya mwanga unaopokelewa na kile kifaa. Nguvu hiyo huandikwa kwa dBm, nayo ni namba hasi: kadiri inavyoshuka, mwanga unapungua. Vifaa vingi vya faiba ya majumbani vimetengenezwa kupokea mwanga hadi kiasi cha -27 dBm, na chini ya hapo mawasiliano hukatika. Asubuhi laini ya duka ilisoma -22. Mchana ilishuka hadi -28. Tofauti ya 6 inaonekana ndogo, lakini kila 3 zinazopungua ni nusu ya mwanga iliyopotea, kwa hiyo mchana duka lilikuwa linapata robo tu ya mwanga wa asubuhi.

Kitu kinachokwenda na saa za jua kali huwa ni joto. Neema akaagiza fundi afike saa 8 mchana, wala si asubuhi, akapime sehemu kwa sehemu kuanzia nguzoni. Hitilafu ikaonekana kwenye kiunganishi kilichokuwa ndani ya kisanduku ukutani, chini ya bati. Kilikuwa kimefungwa vibaya, na joto likipanda ncha za waya zinaachana kidogo. Fundi akakata, akafunga kiunganishi kipya, akapima: -21, mchana ule ule.

Hapo mama yule angeweza kuandika shukrani papo hapo. Ni vizuri asubiri kidogo. Tatizo la mtandao linathibitika kuwa limekwisha pale saa zilizokuwa zikisumbua zinapopita salama kwa siku kadhaa, na kwa tatizo lililoletwa na joto, siku hizo ziwe za jua. Tatizo la bili linathibitika bili inayofuata inapotoka ikiwa sahihi. Neno la mhudumu kwamba amesharekebisha ni ahadi njema, ila mfumo wa malipo unaweza kurudia makosa yale yale tarehe 1 ya mwezi. Anayeshukuru siku hiyo hiyo halafu akarudi kulalamika wiki inayofuata anamharibia mhudumu, kwa sababu barua mbili zinazopingana zinabaki kwenye faili moja. Siku nne au tano kwa mtandao zinatosha. Kwa bili, subiri mzunguko mmoja.

Baada ya siku hizo, barua yake inaweza kusomeka hivi:

Kichwa: Asante kwa Neema, tiketi 48213 (mtandao umetengemaa)

Habari Dada Neema,

Nakuandikia kukushukuru kwa tiketi 48213. Mtandao wa dukani ulikuwa unakatika kila mchana, saa 7 hadi saa 10. Wewe ndiye uliyetazama nguvu ya mwanga kwa saa tofauti na kuagiza fundi aje saa 8 mchana. Alibadilisha kiunganishi kwenye kisanduku cha ukutani Jumanne tarehe 11 Machi, na kipimo kikawa -21 dBm. Tangu siku hiyo mtandao haujakatika, hata mchana wa jua kali.

Punguzo la siku 9 tulilokubaliana bado halijaonekana. Najua litaingia kwenye bili ya Aprili, nalo lina tiketi yake, 48377.

Nakala ya barua hii nimempelekea msimamizi wako ili ajue kazi uliyoifanya.

Asante sana.

Ni barua fupi, lakini kila sentensi ina mtu wa kuitumia. Msimamizi anaona kwamba zile dakika za ziada zilikwenda kwenye kulinganisha vipimo vya asubuhi na mchana, na hiyo ni mbinu anayoweza kuwafundisha wahudumu wengine. Mhudumu mwingine, miezi sita baadaye, akifungua akaunti ya mama huyu kwa sababu mtandao umekatika, anakuta kwenye faili neno kisanduku cha ukutani na namba -21. Akipima na kukuta -27, anajua pa kuanzia bila kumwambia mtu azime ruta. Kumbukumbu za mafundi mara nyingi huwa na maneno mawili tu, imerekebishwa au haina tatizo, na kwa hiyo barua ya mteja huenda ikawa ndiyo maelezo kamili pekee yaliyobaki.

Mistari ya punguzo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Shukrani ya maandishi ni ushahidi. Ukiandika kwamba mambo yote yamekwisha na huna tena dai, kampuni inaweza kulifunga suala lako lote, pamoja na pesa ambazo hazijarudi. Mama yule analipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Siku 9 kwa hesabu ya mwezi wa siku 30 ni shilingi 18,000. Kwa hiyo anasema wazi kilichokwisha, ambacho ni mtandao, na kilichobaki, ambacho ni punguzo. Na anakipa kilichobaki tiketi yake. Hili la kuomba tiketi ya pili hufanyika kabla ya kuandika shukrani, kwa kumwambia mhudumu kwa upole kwamba suala la pesa lifunguliwe peke yake, kwa kuwa mafundi na wahasibu kwa kawaida hawafanyi kazi kwenye foleni moja. Vivyo hivyo kwa aliyekwisha kulifikisha lalamiko lake kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya: aiarifu mamlaka hiyo mwenyewe, kwa maneno hayo hayo, kilichokwisha na kilichobaki.

Kuna mtego mmoja wa kimfumo ambao wateja wengi hawaujui. Mfumo wa tiketi hausomi moyo wa mtu. Ukibonyeza kujibu kwenye barua pepe ya mwisho ya tiketi iliyokwisha kutatuliwa, mifumo mingi huichukua barua yako kama ishara kwamba tatizo limerudi, na tiketi hufunguka upya. Neno asante peke yake linatosha kuifungua. Kwenye ofisi zinazohesabu tiketi zilizofunguka upya, hesabu hiyo inaangukia kwa yule yule uliyetaka kumshukuru. Njia salama ni kuandika barua mpya kwenye anwani ya huduma kwa wateja, na kuitaja namba ya tiketi kwenye kichwa cha barua. Kama huna njia nyingine zaidi ya kujibu, basi sentensi ya kwanza iseme kwamba tatizo limekwisha na hakuna hatua inayohitajika kwenye tiketi hiyo, ili atakayeifungua aifunge mara moja.

Anwani ya msimamizi huwa haitolewi hadharani. Muulize mhudumu mwenyewe kabla ya kukata simu: ningependa kuandika kuhusu huduma yako, niipeleke wapi? Wengi wanaijua anwani ya pongezi na maoni, na hufurahi kuitaja. Kama hukupata jina lake, andika tarehe, saa ya simu na namba uliyopiga nayo. Simu nyingi za vituo hivi hurekodiwa, na kwa vitu hivyo vitatu msimamizi anaweza kumpata aliyekuhudumia.

Vitu vichache vibaki nje ya barua. Namba ya siri, namba ya kitambulisho na picha ya kadi ya benki hazina kazi hapo, kwani barua ya pongezi husambazwa ofisini na kusomwa na watu wengi. Majina ya wahudumu waliokosea pia yabaki nje: mwenye lalamiko juu yao aliandike kwenye barua nyingine, maana lalamiko likichanganywa na pongezi, barua hupelekwa kwenye foleni ya malalamiko na pongezi ikapotea humo. Na salio la simu au hela ya soda, ambayo kwetu ni jambo la kawaida kabisa mtu akikufaa, usimtumie mhudumu. Vituo vingi vinawakataza kupokea chochote kutoka kwa mteja, na muamala wa shilingi 2,000 uliotokea siku moja baada ya punguzo kuidhinishwa unaweza kumletea maswali asiyostahili kuulizwa.