Figo Zikifa, Mifupa Huvunjika kwa Njia Mbili

Mwanamke wa miaka 58 anainuka kwenye kigoda jikoni, anasikia kitu kimekatika pajani, na papo hapo mguu unakataa kukanyaga. Hakuanguka kwa kishindo wala hakugongwa na pikipiki. Kwa miaka sita amekuwa akisafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki. Picha ya eksirei inaonyesha kwamba shingo ya fupa la paja imevunjika, pale linapoingia kwenye nyonga. Kitanda cha pili kina mwanamke wa umri huohuo, naye anasafishwa damu, ana kisukari, na amevunjika palepale. Wagonjwa hawa wawili ni wa mfano tu, lakini wenzao wamo katika wodi nyingi za mifupa.

Ukiziweka picha zao pamoja utadhani ni za mtu mmoja. Kumbe mifupa yao imeugua kwa njia mbili zinazopingana, na dawa inayoweza kumsaidia mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Atakayewatofautisha ni daktari anayeisoma karatasi ya maabara kabla ya kuandika dawa ya mifupa.

Kwa nini figo iuguze mfupa

Mfupa ulio hai ni kama nyumba inayokarabatiwa bila kukoma. Kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli zinazojenga mpya mahali pake. Makundi hayo mawili yakienda sambamba, mfupa hubaki imara hata kama kila siku unapata nyufa ndogondogo. Madaktari hupima mwendo wa kazi hiyo: je, mafundi wanakimbia, wanatembea, au wamelala?

Figo ina kazi mbili zinazougusa mwendo huo. Kwanza, hutoa mwilini fosfati inayozidi, ile inayotoka kwenye nyama, samaki, maziwa na maharage. Pili, huikamilisha vitamini D. Vitamini tunayoipata kwa jua haina nguvu mpaka figo iigeuze iwe kalsitrioli, na kalsitrioli ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula.

Figo zikianza kushindwa, fosfati hurundikana na kalsitrioli hupungua, hivyo kalsiamu ya damu huelekea kushuka. Tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, hulitambua jambo hilo na kumwaga homoni ambayo maabara huiandika PTH. Homoni hiyo huamuru kalsiamu itolewe kwenye ghala lake, yaani mifupani. Kwa muda mfupi amri hiyo humwokoa mgonjwa. Ikidumu miaka, tezi hunenepa na mifupa hubomolewa bila kupumzika.

Hii ndiyo hali ya mgonjwa wetu wa kwanza. Mafundi wake wanakimbia. Wabomoaji ni wengi, na wajenzi wanaowafuata wana haraka, kwa hiyo mfupa mpya unapangwa ovyo na nyuzinyuzi zinajaa mahali pa uboho. Mkono wake ukipigwa eksirei, kingo za mifupa ya katikati ya kidole cha shahada na cha kati zitaonekana zimelikalika upande wa kidole gumba. Daktari akiiona alama hiyo, ana sababu nzuri ya kuamini kwamba PTH imekuwa juu kwa muda mrefu.

Mgonjwa wa pili ana kinyume chake. Mafundi wake wamelala: hakuna anayebomoa na hakuna anayejenga. Uzee na kisukari huchangia hali hiyo. Huchangia pia matibabu yaliyopita kiasi, yaani kalsiamu na vitamini D nyingi zilizoikandamiza PTH mpaka mfupa ukakosa amri ya kufanya kazi. Nyufa ndogo hazizibwi, zinaungana, na siku moja mfupa unakatika. Tena mfupa uliolala haupokei kalsiamu vizuri, kwa hiyo kalsiamu inayomezwa huenda kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu.

Iko pia aina ya tatu, ya mfupa unaojengwa bila kukomaa ukawa mgumu. Ilijulikana sana miaka ya 1970, pale alumini iliyokuwa katika maji ya mashine ilipoingia mwilini mwa wagonjwa. Maji yaliposafishwa vizuri na dawa zenye alumini zikapunguzwa, aina hiyo ikawa adimu.

Kuisoma karatasi ya maabara

Majibu ya mgonjwa wa kwanza ni haya: PTH 1,450, wakati kwa mtu mwenye figo nzima haizidi sana 65, ALP, kimeng'enya kinachopanda wajenzi wa mfupa wakiwa na kazi nyingi, ni 480 wakati kikomo chake ni kama 120, fosfati ni 2.4, wakati haitakiwi kupita kama 1.5. Namba zote zinaelekeza upande mmoja, kwamba mfupa unakwenda mbio.

Mgonjwa wa pili ana PTH 70, ALP 62 na kalsiamu 2.7, ambayo imepita kidogo kikomo cha juu. Mtego uko hapa. Asiyezoea wagonjwa wa figo ataiona 70 na kusema ni nzuri, karibu ya kawaida. Lakini mfupa wa mtu ambaye figo zake zimekufa huwa mzito wa kusikia homoni hiyo, na unahitaji nyingi zaidi ili ufanye kazi ya kawaida. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO unapendekeza kwamba PTH ya anayesafishwa damu iwe kati ya mara 2 na mara 9 ya kikomo cha juu cha kawaida, yaani takriban 130 hadi 600. Kwa mgonjwa huyu, 70 ni kidogo mno.

Namba hizi nazo zina mipaka. PTH iliyo katikati haisemi kwa uhakika mfupa uko upande gani. ALP inaweza kupanda kwa sababu ya ini, kwa hiyo vipimo vya ini husomwa pamoja nayo. Kipimo kimoja hakitoshi pia: PTH iliyotoka 300 ikafika 900 ndani ya mwaka ina habari kubwa kuliko 600 isiyosogea. Hata kipimo cha uzito wa mfupa kinaweza kuonyesha kwamba mfupa umepungua, lakini hakisemi kama mafundi wanakimbia au wamelala.

Jibu la uhakika hutoka kwenye kipande cha mfupa wenyewe. Mgonjwa humeza tetrasaiklini kwa siku chache, hupumzika takriban wiki mbili, kisha humeza tena. Dawa hiyo hunata pale mfupa unapojengwa na hung'aa chini ya mwanga maalumu wa hadubini. Siku chache baadaye daktari huchukua kipande chembamba kwenye mfupa wa kiunoni. Mistari miwili inayong'aa ikiwa mbalimbali, mfupa unajengwa kwa kasi. Ikikosekana, mfupa umelala. Tatizo ni kwamba vituo vinavyoweza kukisoma kipande hicho ni vichache, na aliyevunjika nyonga hawezi kungoja wiki tatu.

Mezani kwa daktari wa mifupa

Nyonga iliyovunjika hufanyiwa upasuaji mapema, kwa sababu kulala kitandani huleta vidonda, kichomi na damu kuganda miguuni. Lakini kwa mgonjwa wa figo, swali la kwanza ni alisafishwa damu lini na potasiamu yake ni ngapi. Ikiwa ni 6.5, moyo unaweza kupoteza mapigo akiwa usingizini, kwa hiyo husafishwa damu kwanza, kwa heparini kidogo au bila heparini kabisa ili asivuje damu mezani. Mkono wenye fistula haudungwi sindano ya dripu wala haufungwi kipimo cha presha. Mofini huandikwa kwa tahadhari kubwa, maana mabaki yake hutolewa na figo, na yakirundikana humlevya mgonjwa mpaka kupumua kunazidi kuwa hafifu.

Kisha huja uamuzi wa chuma. Mtu mwenye mifupa mizuri anaweza kufungwa skrubu na shingo ya fupa la paja ikaunga. Kwa wanawake wetu wawili, skrubu zingeshika mfupa dhaifu: wa kwanza umejaa nyuzinyuzi, wa pili hauna wa kuuunga. Kwa hiyo mvunjiko uliohama mahali pake mara nyingi hutibiwa kwa kuondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha bandia, kikishikizwa kwa saruji ya upasuaji, ili mgonjwa asimame bila kungoja mfupa uunge. Hatari ya maambukizi ni kubwa kwa wanaosafishwa damu, na daktari anapaswa kuwaambia ndugu jambo hilo mapema.

Kosa kubwa hutokea baada ya kidonda kupona. Kwa mazoea, mzee aliyevunjika nyonga huandikiwa dawa ya kuzuia ubomoaji wa mfupa. Alendronati hutolewa na figo, na kwa mgonjwa wa pili ingewapa usingizi zaidi mafundi ambao tayari wamelala. Denosumabu haitegemei figo, ndiyo maana huonekana kuwa salama. Lakini ikimfikia mgonjwa kama wa kwanza, mfupa unaomwaga kalsiamu kwenye damu huzibwa ghafla, na kalsiamu inaweza kuporomoka hadi kuleta degedege au kuvuruga mapigo ya moyo. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea dawa hiyo onyo lake la juu kabisa kwa wenye ugonjwa wa figo uliofika mbali.

Tiba yenyewe ni kuirekebisha amri. Mgonjwa wa kwanza anahitaji fosfati ishuke na PTH ikandamizwe kwa kalsitrioli au sinakalseti. Ikishindikana, tezi huondolewa kwa upasuaji, na siku zinazofuata kalsiamu hupimwa mara kwa mara kwa sababu mfupa wenye njaa huinyonya yote. Mgonjwa wa pili hupunguziwa kalsiamu na vitamini D ili PTH ipande na mafundi waamke.

Hesabu ya fosfati inaonyesha kwa nini mashine peke yake haitoshi. Chakula cha kawaida kinaweza kuingiza kwenye damu miligramu 600 au zaidi kwa siku, sawa na 4,200 kwa wiki. Awamu moja ya mashine hutoa takriban 800 hadi 1,000. Anayesafishwa mara mbili hutoa chini ya nusu ya alichopokea. Ndiyo sababu hupewa dawa za kuinasa fosfati tumboni, kama kalsiamu kabonati, ambazo humezwa pamoja na chakula. Zikimezwa tumbo likiwa tupu hazina fosfati ya kunasa, na kinachoingia ni kalsiamu tu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na soda nyeusi huiongeza fosfati upesi.

Anayeuguza mtu wa figo aweke daftari la PTH, ALP, kalsiamu na fosfati, kila jibu na tarehe yake, na alibebe siku ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa mifupa. Kabla ya sindano au kidonge chochote cha kuimarisha mifupa, aulize: mfupa huu unakimbia au umelala? Ikiwa hakuna anayejua, dawa hiyo isubiri mpaka daktari wa figo ayaone majibu.